Ng'ombe atazaa lini? Anza kuhesabu tarehe iliyo sahihi

Mfugaji wa maziwa wa Kisauni au Likoni hukwambia mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kadhaa. Kwa Frishiani, weka wastani wa siku 279. Ng'ombe wenye damu ya Sahiwali au zebu huchelewa zaidi, kwa hiyo hesabu siku 285 hivi. Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni tarehe ya kuanzia.

Tuseme Frishiani alipandishwa 14 Machi 2025, akarudi kwenye joto na kupandishwa tena 4 Aprili. Hizo ni siku 21, mzunguko mmoja kamili, yaani huenda mbegu ya kwanza haikushika. Ukihesabu kutoka Machi utamngojea 18 Desemba. Ukihesabu kutoka Aprili, atazaa karibu na 8 Januari 2026. Kwenye lahajedwali ya simu andika tarehe ya kupandisha katika A2, kisha:

```
=A2+279
```

Jibu likitokea namba kama 46030, si kosa. Geuza muundo wa kisanduku uwe tarehe.

Tofauti hiyo inagusa maziwa moja kwa moja. Ng'ombe hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, kiwele kipumzike na dang'a ijengeke. Kwa mimba ya Aprili, siku ya kukausha ni 9 Novemba. Aliyeshika tarehe ya Machi atakausha 19 Oktoba, na ng'ombe wa lita 8 kwa siku atampotezea lita 168.

Lakini kuna mtego wa pili. Wapo ng'ombe wenye mimba wanaoonyesha joto, na kumpandisha kwa mrija wa mbegu aliye na mimba kunaweza kuiharibu. Kwa hiyo akirudi kwenye joto, mwambie mpandishaji alipandishwa lini, achunguze kabla ya kuingiza mrija. Kisha daktari wa mifugo ampime mwanzoni mwa Juni: mimba ya siku 60 na ya siku 81 hutofautiana kwa ukubwa, na mkono wenye uzoefu hutambua. Asipopimwa, ukamkausha 9 Novemba na mimba ikawa ya Machi, atakuwa amekauka siku 39 tu kabla ya kuzaa.

Hali ya hewa ya pwani huongeza utata. Mchana wa Februari ng'ombe huhema tu, dalili za kutaka dume zikajitokeza usiku kwa muda mfupi. Aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, hivyo sikiliza kulia kwake na tazama ute, alfajiri na usiku.

Hata tarehe sahihi ni katikati ya dirisha. Pacha hutangulia kwa siku kadhaa. Wiki moja kabla, anza kushika mishipa iliyo pande mbili za shina la mkia: ikilegea kabisa, kuzaa kumekaribia. Akipitisha siku 10 bila dalili, muite daktari.

Mbuzi ni siku 150. Beberu akiingizwa zizini 10 Mei na kutolewa 31 Mei, watoto watarajiwe kati ya 7 na 28 Oktoba, ukiongeza siku tano kila upande.