Grainda ya inchi 9 kwenye picha: soma kibao kabla ya kusoma bei

"Wakuu, muuzaji wa hapa Arusha amenitumia picha ya grainda ya inchi 9. Anasema ni Makita GA9020 ya 2600W, mpya kabisa. Naomba mnisaidie kuitambua na mniambie kama itahimili karakana ya mageti inayofanya kazi kutwa nzima."

Usitume hiyo pesa, ndugu yangu. Kama muuzaji anakuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Usa River, mwache huyo mteja aichukue. Nimeikuza picha yako mpaka maandishi ya kibao yakaanza kusomeka, na yaliyoandikwa pale yanatosha kuikataa mashine hiyo bila hata kuishika.

Katika namba za Makita, herufi GA ni za grainda, na ile 9 inayofuata kwenye GA9020 ni ukubwa wa diski kwa inchi, yaani milimita 230. GA9020 halisi hutumia wati 2200, na kasi yake bila mzigo ni mizunguko 6600 kwa dakika. Kibao cha kwenye picha yako kimeandikwa GA9020, chini yake 2600W, na chini yake tena 11000/min. Kiwanda kinachotengeneza mota hakiwezi kuisahau kasi ya mota yake, kwa hiyo aliyechapa kibao hicho siye aliyetengeneza GA9020.

Hiyo 11000 najua ilikotoka. Ni kasi ya kawaida ya grainda ndogo za inchi nne na nusu, na bila shaka mchapaji alinakili kibao cha mashine ndogo akabadilisha ukubwa wa diski tu. Chukua diski ya kukatia ya inchi 9 iliyo karibu nawe uitazame: nyingi zimeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde, pamoja na mizunguko isiyozidi 6650 hivi kwa dakika. Mzingo wa diski ya milimita 230 ni kama sentimita 72. Ikizunguka mara 6600 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 79 na ushee kwa sekunde, ambayo iko ndani ya kikomo. Ikizunguka mara 11000, ukingo unafika mita 132 kwa sekunde, na hapo diski inaweza kupasuka na vipande vyake kuruka upande wowote vinaoutaka. Mimi naamini kwamba kibao ndicho kinachodanganya na kwamba mashine haifiki kasi hiyo, lakini sitamwomba mtu ayahakikishe maneno yangu kwa kutumia uso wake.

Ninaandika kwa ukali huu kwa sababu somo hili nililipia ada. Karakana yangu iko Majengo, Moshi, na wote mnaofanya kazi huku mnajua Desemba ilivyo: watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na kila mmoja anataka geti liwe limesimama kabla wageni hawajafika. Nilikuwa na geti la Kibosho, la milango miwili, lenye fremu ya bomba za mraba nzito. Grainda yangu ya zamani ilikuwa imeanza kulia beringi, nikaona ninunue nyingine haraka. Nikatumiwa picha kwa simu, kama ulivyotumiwa wewe: bodi ya rangi inayofahamika, jina kubwa la kigeni ubavuni, boksi lina kishikio cha plastiki, na maelezo kwamba ni ya wati 2600. Nikaipeleka picha kwenye kundi letu la mafundi. Mmoja wao, ambaye hadi leo akinipigia simu naiacha iite kwanza, akajibu kwa uhakika wa hakimu: "Rangi hiyo haigezwi, chukua."

Rangi inagezwa kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine. Hata bila kutaja bidhaa bandia, Total, ambayo ni chapa inayojitegemea, inatumia rangi ya bluu-kijani ambayo kwenye picha iliyopigwa dukani chini ya taa hafifu utaiona kama ya Makita. Mahali ambapo rangi inakusaidia kidogo ni kwa Bosch, kwa kuwa bluu yao ni ya mafundi na kijani yao ni ya matumizi ya nyumbani, na hata hapo utahitaji kusoma herufi: grainda za bluu huanza na GWS, za kijani nyingi na PWS. Namba nazo zinasema: GWS 22-230 ni ya wati 2200 na diski ya milimita 230. Kwa hiyo yule bwana wa kundi hakutambua mashine, alitambua rangi.

Mashine ilipofika nilifurahi. Ilikuwa nyepesi, nikasema teknolojia imekua. Mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nimeshamaliza zamu yangu. Ilikata bomba nyepesi vizuri. Tulipoingia kwenye fremu ya Kibosho, ikawa ukiikandamiza kidogo tu inapunguza mlio, kijana wangu anaongeza nguvu ya mkono, na mlio unashuka zaidi. Hapo ndipo mota ya namna hii inapokufa. Feni ya kuipooza imefungwa kwenye shafti ileile ya mota, hivyo mzunguko ukishuka hewa inapungua wakati uleule ambapo umeme unaopita kwenye koili unaongezeka. Tulisikia harufu ya vanishi iliyoungua, kisha tukaona kupitia matundu ya nyuma kwamba cheche zilizokuwa ndogo kwenye kaboni zimekuwa pete ya moto inayozunguka komyuteta yote. Kijana akaachia swichi, lakini amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ilikuwa imekwisha kuungua.

Niliifungua juu ya benchi. Kishikilia kaboni kimoja kilikuwa kimeyeyuka na kulala upande, kaboni yake imekwama kwa pembe, na vipande viwili vya shaba vya komyuteta vilikuwa vimenyanyuka kutoka mahali pake. Kilichoniuma zaidi ni ukubwa wa amecha yenyewe. Fundi anayesuka mota aliiweka pembeni ya amecha ya grainda ya inchi 5 iliyokuwa mezani kwake, na chuma chake kilikuwa na unene uleule. Ndani ya bodi ya mashine kubwa walikuwa wamepachika moyo wa mashine ndogo. Nikamlipa akaisuka, kwa ubishi wangu, nikairudisha kazini, ikaungua tena, kwa kuwa kusuka upya hakuongezi chuma. Geti likachelewa, mwenye geti akapokea wageni wake kwa mlango wa mabati, na punguzo nililompa lilikula faida yote. Ukijumlisha bei ya mashine, kusuka na hilo punguzo, ningeweza kununua grainda halisi na chenji ikabaki.

Muuzaji nilipompigia aliniambia kwamba mashine yoyote "ikionewa" lazima iungue. Mashine ya wati 2600 imeonewa na bomba la mraba! Nikamuuliza risiti yenye namba ya mashine iko wapi, simu ikakatika, na nadhani haijapata mtandao mpaka leo.

Laiti ningetazama waya, nisingeinunua. Hili ndilo ninalokuomba ulishike hata ukisahau mengine yote: wati zilizoandikwa lazima zikubaliane na waya unaozibeba. Wati 2600 kwa umeme wa volti 230 ni ampea 11 na kidogo. Waya wa mashine nzuri huwa na maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake kwa urefu wote. Ukisoma `H07RN-F 2x1.5`, huo ni waya wa mpira mzito wenye nyuzi mbili za milimita mraba 1.5, na unatosha kwa mzigo huo. Wa kwangu ulikuwa `H05VV-F 2x0.75`, waya wa plastiki ambao kwa kawaida hutegemewa kwa ampea 6 hivi, yaani chini ya wati 1400. Aliyefunga waya ule alijua vizuri kwamba mota haitavuta ampea 11. Mchapaji wa kibao anaweza kuandika anachotaka kwa kuwa wino ni bei rahisi, lakini shaba ina gharama, na mwizi hawezi kukuongezea shaba ili uongo wake upendeze. Kwa sababu hiyohiyo uzito nao unasema: grainda halisi ya inchi 9 ya wati 2000 na zaidi ni kama kilo tano au zaidi, maana uzito huo ni chuma na shaba ya mota. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mizani.

Tena, hata kibao cha kweli kisomwe kwa akili. Wati zinazoandikwa ni za umeme unaoingia, na sehemu yake hugeuka joto kabla ya kufika kwenye diski. Baadhi ya vibao vya bei nafuu huandika kilele cha sekunde chache kana kwamba ni nguvu ya kazi, hivyo ukiona neno `MAX` karibu na wati, uliza nguvu ya kuendelea ni ngapi.

Kuhusu karakana yako, GA9020 iliyo halisi itakufaa kwa kukata chuma cha pembe na bomba za mraba na kusaga mishono ya kuchomelea, mradi baada ya kukata kwa nguvu uiache izunguke bila mzigo kwa dakika moja hivi ili feni itoe joto, badala ya kuizima ikiwa inafuka. Lakini kama unakata vipande vingi vya urefu mmoja kuanzia asubuhi hadi jioni, kazi hiyo mpe mashine ya mezani ya inchi 14, na grainda ibaki kwa sehemu ambazo meza haifiki. Kukata bomba za mageti manne kwa siku kwa grainda ya mkono ni kuilipisha kosa la mpangilio wako.

Sasa mwombe muuzaji picha mbili tu: kibao kikiwa wazi chote, na maandishi ya waya umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bodi. Ukizipata, ziweke hapa, nitazisoma usiku huu huu. Akikujibu kwamba maandishi ya waya yamefutika kwenye mashine aliyosema ni mpya kabisa, nitumie namba yake, maana nahisi ni yule wangu amebadilisha laini.