Office ya kulipa mara moja au ya kila mwaka, na picha ziwekwe wapi

«Mimi ni mwalimu, Makambako. Natumia laptopu moja kuandaa mitihani na ripoti za shule, na nina picha na video za familia kama GB 150. Ninunue Office ya kulipa mara moja au nilipie kila mwaka? Na picha niziweke wapi?»

Mwalimu, kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvifunga pamoja. Office ni programu, unaweza kuinunua ukaimiliki. Hifadhi ya mtandaoni ni kodi ya pango: unalipia nafasi kwenye mashine ya mtu mwingine, na ukiacha kulipa unatakiwa kuhama. Kila kimoja kina hesabu yake.

Mimi natengeneza kompyuta hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Mwaka 2017 nilinunua Office Home & Business 2016 kwa dola 229.99, kama shilingi 515,000 kwa dola ya wakati ule. Nimeandikia ankara, barua na hesabu zangu zote mpaka Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia. Ukigawa kwa miaka hiyo 8, ni kama shilingi 64,000 kwa mwaka. Kazi yangu haikubadilika, na nakala ya 2016 ilinitosha. Mitihani na ripoti zako nazo hazihitaji kitu kipya kila mwezi.

Sasa hesabu yako. Natumia bei za Marekani, maana kila nchi ina zake na kodi inaweza kuongezeka juu, na dola naiweka shilingi 2,600 ili tusihangaike na desimali. Office Home 2024, yenye Word, Excel na PowerPoint kwa kompyuta 1, ni dola 149.99, yaani shilingi 390,000 unazolipa mara moja. Google One, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Google, ya GB 200 ni dola 29.99 kwa mwaka, kama 78,000. Upande wa pili, Microsoft 365 Personal ni dola 99.99 kwa mwaka, kama 260,000, nayo inakuja na hifadhi ya TB 1 ndani yake.

Mwaka wa kwanza Personal inaonekana rahisi sana: 260,000 dhidi ya 468,000. Mwaka wa pili zinakaribiana, 520,000 kwa 546,000. Mwaka wa tatu ya kununua inatangulia, na mwisho wa mwaka wa nne umelipa 702,000 badala ya 1,040,000. Nimeishia miaka 4 kwa makusudi. Office 2024 itahudumiwa hadi tarehe 9 Oktoba 2029, na saa hiyo ilianza kuhesabu ilipotoka Oktoba 2024, haisubiri siku utakayonunua. Kwa hiyo kila mwaka unaochelewa kuinunua, faida yake inapungua. Baada ya 2029 itaendelea kufunguka na kufanya kazi, ila haitapata tena marekebisho ya usalama.

Kuna jambo la pili linaloyumbisha ya kila mwaka: bei si yako kupanga. Personal ilikuwa dola 69.99 kwa miaka mingi, kisha mapema 2025 ikapanda hadi 99.99. Na sisi tunalipa kwa shilingi. Dola niliyoinunua chini kidogo ya 2,300 mwaka 2020 ilikaribia 2,700 mwaka 2025. Aliyenunua mara moja aliumia siku moja tu.

Lakini angalia hizo GB 150, maana hapo ndipo hesabu inaweza kugeuka. GB 200 za Google zinagawanywa na barua pepe zako na kila kitu cha Drive, kwa hiyo umebakiwa na chini ya GB 50. Ukizipita, ngazi ninayoijua inayofuata ni TB 2 kwa dola 99.99 kwa mwaka, sawasawa na bei ya Personal yenye Office ndani. Siku hiyo ushauri wangu unakufa: Personal itakuwa nafuu kuliko kununua Office na kupanga TB 2. Ndiyo maana nakusihi video, hasa zile ndefu za harusi na ubarikio, uziweke kwenye diski za nje mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu. Mtandaoni bakiza picha na nyaraka. Diski utaihitaji hata ukilipia hifadhi, kwa sababu hifadhi inayooanisha mafaili ikiona umefuta picha kwenye laptopu, inafuta na kule juu pia, na kapu la taka lina muda wake.

Ukiacha kulipa, hiki ndicho kinachotokea. Microsoft 365 ikiisha, Word inabaki inafungua na kuchapa, ila huwezi kuhariri wala kuanza waraka mpya. OneDrive, ile hifadhi yake ya mtandaoni, inarudi GB 5. Ukiwa umezizidi, mafaili yanakuwa ya kusoma na kupakua tu, na baada ya miezi 6 yanaweza kufutwa. Google inarudi GB 15; ukizizidi, Gmail inaacha kutuma na kupokea, na usipopunguza kwa miaka 2 wanaweza kufuta vilivyomo. Hilo la Gmail ndilo linalowakamata watu. Kadi ya mtandaoni ya simu inakosa salio siku ya malipo, na mtu anasubiri barua ya kazi isiyoingia. Kuhama nako si jambo la jioni moja: GB 150 kwa kasi ya MB 1 kwa sekunde ni kama saa 42 mfululizo, na bando ni lako.

Kama mna ndugu wanaohitaji Office pia, futa sehemu kubwa ya niliyosema. Microsoft 365 Family ni dola 129.99 kwa mwaka kwa watu hadi 6, kila mmoja na TB 1 yake na akaunti yake isiyoonwa na wengine. Mkijaa sita, ni kama shilingi 56,000 kwa kichwa. Hakuna njia ya kununua inayoishinda hiyo, mradi kuna mmoja anayekusanya michango kabla ya tarehe.

La mwisho ni Office za shilingi 20,000 au 30,000 zinazouzwa mitaani kama za kudumu. Mteja wangu kutoka Tukuyu aliuziwa moja, na baada ya miezi kadhaa ikaanza kudai leseni. Fungua Word, nenda File kisha Account. Ukikuta Professional Plus, fahamu kwamba toleo hilo huuzwa kwa taasisi kwa jumla, haliuzwi kwa mtu mmoja. Kisha fungua Command Prompt uandike:

```
cd "C:\Program Files\Microsoft Office\Office16"
cscript ospp.vbs /dstatus
```

Ukiona `KMS_Client` kwenye jina la leseni na siku zilizobaki zisizozidi 180, hiyo leseni ni ya muda. Inatakiwa ijihuishe kupitia seva ya taasisi. Kwenye laptopu ya mtu binafsi mara nyingi ina maana kuna kiprogramu kimefichwa kinachojifanya seva, na kinga ya virusi ikikiondoa, siku zinaanza kuyoyoma. Usipokuwa na 390,000 sasa, weka LibreOffice, ni bure na halali, uandikie mitihani huku ukijipanga.