Bondi ya klaringi, isome kabla hujasaini

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi mnaojiandaa na EACFFPC, nawaona mnakesha na pastpepa ila kwenye bondi mnapita haraka. Mimi nilifaulu, kampuni ikapata leseni, nikaamini bondi ni bima yetu, yani likitokea la kutokea bima watalipa yaishe. Hapana jamani. Bondi ni dhamana kwa TRA, TRA wakidai, bima wanalipa halafu wanakugeukia wewe, ndio maana kabla ya kuitoa wanakusainisha ahadi ya kuwafidia na wengine wanataka hati ya nyumba kabisa. Na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 147, inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, kodi anadaiwa yeye binafsi.

Nawapa kesi yangu. Wapiga filamu walishusha vifaa KIA, vinaingia kwa muda tu halafu vinatoka, kwahiyo kodi hailipwi ila bondi inashikilia kiasi chake. Chukua thamani ya CIF milioni 40 na ushuru tuseme asilimia 25, hiyo ni milioni 10. VAT ya asilimia 18 unapiga kwenye 50 na sio kwenye 40 (hapo kwenye pepa wengi wanaanguka), unapata milioni 9. Jumla 19, tozo ndogo ndogo nimeziacha. Kama bondi yako ni ya milioni 60 imebaki 41, kazi tatu za hivyo unabakiwa na milioni 3, mteja wa nne unamwangalia tu anaondoka.

Sasa wale jamaa walimaliza kazi wakaondoka kwa gari kupitia Namanga, pale ukitoka Tanzania unahudumiwa jengo la upande wa Kenya na forodha wetu wapo humo humo, wao wakagonga paspoti uhamiaji wakaendelea na safari. Vifaa havikukaguliwa na forodha wetu, kwenye mfumo vikaonekana bado viko nchini. Muda ulipoisha barua ya madai ikaja kwetu, wateja washarudi kwao. Iliniuma sana. Kilichotuokoa ni karatasi za forodha za Kenya na ewei bili ya kutokea Nairobi, zote zikiwa na namba za siriali zilezile za kwenye intri yetu, na hata hivyo ilichukua miezi kuifunga.

Kwahiyo siku mzigo unaingia andika siriali mwenyewe kifaa kwa kifaa, usikopi invoisi, mimi nilishakuta kamera mbili zimebadilishana namba. Siku ya kutoka nenda nao mpaka mpakani, nauli ya Namanga weka kwenye bei yako tangu mwanzo, simama dirishani mpaka ofisa athibitishe. Halafu kesho yake ingia TANCIS uangalie salio la bondi, kama halijarudi rudi kwa ofisa wiki hiyohiyo wakati faili bado anaikumbuka, usisubiri Desemba maana leseni inaisha tarehe 31 na utakuwa unakimbizana na mengine.