Kwa nini tano na jibu la "fundi alisahau"

"Huduma yetu huzimika kila baada ya wiki mbili. Tumeuliza kwa nini mara tano ili kupata chanzo, tukaishia kwa fundi aliyesahau kufuta mafaili. Mbona bado inajirudia?"

Ndugu, mmesimama mapema. Fundi akisahau, swali linalofuata ni kwa nini kazi hiyo inategemea kumbukumbu ya mtu.

Sisi yalitukuta hayahaya. Huduma ilizimika kwa sababu hifadhidata ilishindwa kuandika. Diski ilikuwa imejaa. Ilijazwa na mafaili ya logi. Hayakufutwa kwa kuwa seva mpya haikuwa na ratiba ya kuyafuta. Na ratiba haikuwepo kwa sababu mtu aliiweka kwa mkono kwenye seva ya zamani, haikuingia kamwe kwenye kiolezo tunachotengenezea seva. Tulirekebisha kiolezo.

Kila jibu lithibitishwe kabla ya kuendelea. Sisi tuliendesha `df -h`, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, na kuona 100%, hatukukisia. Kisha someni mnyororo wa majibu kinyumenyume, mkiyaunganisha kwa "kwa hiyo". Pale mnyororo usipoingia akilini, mlibahatisha.

Fungueni pia tawi la pili la maswali: kwa nini hakuna aliyejua diski ilipofika 80%? Kwetu, kengele haikuwepo kabisa.