Risiti ya mauzo ya siku: kutoka ripoti ya Z hadi mizania

"Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nimesajiliwa VAT. Nikijumlisha ripoti za Z za mwaka mzima napata mauzo ya milioni 354, lakini mhasibu kaniandikia milioni 300 kwenye hesabu za mwaka. Milioni 54 zimeenda wapi? Naomba mwenye kujua anieleze risiti ya siku inapitia wapi hadi kufika huko."

Mkuu, mhasibu wako yuko sahihi. Mimi nashika vitabu vya maduka ya aina yako, na swali hili huulizwa karibu kila mwaka hesabu zinapofungwa. Jibu liko kwenye hatua ya kwanza kabisa, jioni ile unapotoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Tuchukulie siku moja. Ripoti ya Z inasoma 1,180,000. Ndani yake, wateja walilipa taslimu 590,000, wengine wakalipa kwa lipa namba 354,000, na fundi mmoja unayemwamini alichukua nondo na rangi za 236,000 akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Risiti yake ulimtolea siku hiyo hiyo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu sheria inahesabu mauzo yamefanyika mzigo unapotoka, hata kama hela bado.

Bei ulizouzia zina kodi ndani, nasi tuchukulie yote ni ya asilimia 18. Kuitoa, unazidisha jumla kwa 18 kisha unagawanya kwa 118, unapata 180,000. Wengi hupiga asilimia 18 ya 1,180,000 na kupata 212,400. Hapo umeongeza kodi ya 32,400 ambayo hukumtoza mtu yeyote, na umepunguza mauzo yako kwa kiasi hicho hicho. Siku moja haionekani, ila kwa mwaka ni hela nyingi.

Basi kwenye jarida, siku hiyo inaandikwa hivi:

Debiti: Fedha taslimu 590,000
Debiti: Lipa namba 354,000
Debiti: Wadaiwa (fundi) 236,000
Krediti: Mauzo 1,000,000
Krediti: VAT 180,000

Tazama upande wa krediti. Risiti imegawanyika hapo, na vipande vile viwili havitapita njia moja tena. Ile milioni moja ni yako, itaenda kwenye faida na hasara. Ile 180,000 haijawahi kuwa yako hata kwa saa moja. Umeipokea kwa niaba ya TRA, kwa hiyo ni deni. Ndiyo maana mauzo yako ya mwaka ni milioni 300.

Kabla ya kutoka kwenye jarida, kuna jambo la droo. Ukihesabu noti ukakuta 585,000 kwa sababu kijana alimlipa mtu wa mkokoteni 5,000, usiandike mauzo ya taslimu 585,000. Andika 590,000 kama ripoti inavyosema, halafu 5,000 iandike peke yake kama gharama ya usafirishaji. Makato ya lipa namba nayo ni hivyo hivyo. Ukianza kukata gharama kwenye mauzo, leja yako haitakaa ikubaliane na Z, na siku ukikaguliwa utapata shida kueleza tofauti.

Kutoka kwenye jarida, kila mstari unahamia kwenye ukurasa wake wa leja. Fundi ana ukurasa wake, na 236,000 inakaa debiti. Akija kulipa mwisho wa mwezi, unadebiti fedha taslimu na kukrediti ukurasa wa fundi. Akaunti ya mauzo huigusi, kwa sababu mauzo yake yaliingia siku ile ya nondo.

Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona madhara yake. Duka moja niliitwa kusaidia, karani wake alikuwa akiandika kila deni linalolipwa kama mauzo mapya. Hati ya urari, ile orodha ya masalio ya leja zote, ilikuwa inalingana vizuri kabisa, debiti sawa na krediti, na mwenye duka aliridhika nayo. Lakini urari unakuambia tu kwamba kila kiasi kimeandikwa pande mbili. Haukuambii kama akaunti uliyoiandikia ndiyo yenyewe. Kilichofichua ni vitu viwili. Leja ya mauzo ilizidi jumla ya ripoti za Z baada ya kutoa kodi, na orodha ya wadaiwa ilikuwa na majina ya watu waliokwisha kulipa zamani. Mwenye duka alikuwa amekwisha kulipa kodi ya mapato kwa faida ambayo haikuwepo. Iliniuma sana, maana ni mtu aliyekuwa akitoa risiti kwa uaminifu kila siku.

Urari unakamata makosa ya aina nyingine. Kwa mfano, 236,000 ikiandikwa 263,000 kwenye ukurasa wa fundi peke yake, pande mbili zitapishana kwa 27,000. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi.

Sasa turudi kwenye milioni zako 54. Kwenye leja ya VAT, kodi ya mauzo inakaa krediti na kodi uliyolipa wakati wa kununua mzigo inakaa debiti. Hesabu zako zote sizijui, kwa hiyo tuseme mwaka huo ulinunua mzigo wa milioni 255 kabla ya kodi. Kodi yake ni milioni 45.9. Ukiitoa kwenye 54, zinabaki milioni 8.1, nazo ulizilipa TRA mwezi kwa mwezi, kila ritani isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwisho wa Desemba kinachobaki kwenye mizania ni kodi ya Desemba tu, ambayo utailipa Januari.

Milioni 300 nayo inafungwa kutoka leja ya mauzo kwenda faida na hasara. Risiti yenyewe haibebi gharama ya nondo uliyouza; hiyo inapatikana mwisho wa mwaka kwa kuhesabu mali dukani. Tuseme ulianza na mali ya milioni 40, ukanunua 255, ukahesabu ukakuta imebaki ya 45: mzigo uliouzwa umekugharimu milioni 250, na faida ghafi ni milioni 50. Ukikosea kuhesabu mifuko ya saruji siku ile, kosa linaingia moja kwa moja kwenye faida hata kama risiti zako zote ziko safi.

Fundi asipolipa hadi Desemba 31, 236,000 yake inaonekana kwenye mizania chini ya wadaiwa, yote pamoja na kodi. Akishindikana kabisa, usirudi kufuta mauzo. Deni linafutwa kama gharama. VAT yake ulikwisha kuilipa, na kuidai kuna masharti yake, hivyo kaa na mhasibu kabla hujajaza ritani.

Kujiridhisha, mwombe mhasibu leja ya mauzo na leja ya VAT. Chukua mwezi mmoja, jumlisha ripoti zako za Z, gawanya kwa 118, zidisha kwa 100, kisha linganisha na leja ya mauzo. Ukipata tofauti, tafuta kwanza mizigo iliyorudishwa na wateja, kisha madeni yaliyolipwa mwezi huo.