Maswali na Majibu: Tokeni Mpya na Tarehe za Kufunguliwa

"Tokeni ikiorodheshwa tu nikinunua dakika ileile, si ndiyo naipata kwa bei ya chini?" (Sinza)

Hapana, na swali hili linarudi kila mara. Dakika za mwanzo wauzaji wengi ni waliogawiwa tokeni bure, na kwao bei yoyote ni faida. Oda za kuuza nazo huwa chache kwa kila bei, hivyo ukibonyeza oda ya soko, yaani ya kununua kwa bei yoyote iliyopo, unaweza kujikuta umenunua juu sana ya bei uliyoiona kwenye skrini. Weka oda yenye bei uliyoipanga mwenyewe. Kisha uliza ni asilimia ngapi ya tokeni zote iko sokoni, maana zilizobaki zina wenyewe ila zimefungwa kwa muda, na tarehe ya kufunguliwa ikifika wataruhusiwa kuuza.

"Kuna kaka Telegramu anauza tokeni kabla haijaorodheshwa. Nimtumie kwa M-Pesa?" (Mbagala)

Usitume hata shilingi.

"Mnatutisha na tarehe za kufunguliwa, mbona siku yenyewe bei haianguki?" (Kariakoo)

Kwa sababu wenye mzigo hawasubiri siku hiyo. Tarehe inajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo mwekezaji mkubwa huuza fyucha, yaani mikataba inayofuata bei ya tokeni bila kulazimika kuwa nayo mkononi, wiki kadhaa kabla ili afunge bei yake. Siku ikifika anauza tokeni zenyewe na kununua fyucha zake kurudisha, na soko linaonekana limetulia.

Chukua ARB, tokeni ya mtandao wa Arbitrum. Tokeni zote ni bilioni 10, lakini kufikia Machi 2024 zilizokuwa zikizunguka ni kama bilioni 1.275 tu. Tarehe 16 mwezi huo zikafunguliwa takribani bilioni 1.11 za timu, washauri na wawekezaji, yaani ongezeko la asilimia 87 kwa mkupuo. Bei ilikuwa imegusa karibu dola 2.4 mwezi Januari; siku yenyewe ilishakuwa chini ya dola 2, na katikati ya Aprili ikawa inazungukia dola 1. Soko zima lilishuka Aprili hiyo, kwa hiyo lawama si za ugavi peke yake. Ila waliokimbilia kununua wakisema mabaya yamepita walisahau kwamba baada ya hapo ziliendelea kufunguliwa zaidi ya milioni 90 kila mwezi. Soma ratiba yote, usiishie tarehe moja. Angalia pia nani anapokea: tokeni zinazokwenda hazina ya mradi mara nyingi hukaa, za wawekezaji wa awali huuzwa.

"Basi niuze fyucha siku moja kabla?" (Tegeta)

Umechelewa. Tazama ada ya ufadhili ya fyucha, malipo ambayo wauzaji na wanunuzi hulipana: ikiwa hasi sana, wauzaji wamejazana na wewe utawalipa wanunuzi kila baada ya saa nane, kwa masoko mengi. Bei ikipanda kidogo, wauzaji wenye levareji kubwa, yaani waliokuza oda zao kwa mkopo, wanafungiwa oda zao kwa nguvu, na kufungiwa huko ni kununua, kunakoipandisha zaidi. Kama lazima uuze, ingia wiki mbili tatu kabla, bila levareji kubwa, na toka kabla ya tarehe.