Baada ya nyanya, kwa nini si hoho?

"Slaidi ya kilimo cha mzunguko inasema baada ya nyanya nisipande hoho wala viazi, nipande mahindi. Kwa nini? Na kantangaze, yule nondo wa nyanya, atakwisha?"

Hoho, viazi mviringo, bilinganya na ngogwe ni ukoo mmoja na nyanya, kwa hiyo bakteria wa mnyauko aliyebaki udongoni anaendelea kupata chakula. Mahindi hayamlishi. Msimu mmoja hautoshi, kaa miaka 2 hadi 3, na ung'oe mnavu wote, maana nao ni ukoo huohuo (wengi huku Moshi wanauacha kwa ajili ya mboga, ndipo mzunguko unapoharibika). Kuhakikisha ni mnyauko huo, kata shina karibu na ardhi, ning'iniza kipande kwenye glasi ya maji safi: ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka.

Anayesema kwamba kubadilisha zao kunamaliza na kantangaze yuko sahihi nusu. Baadhi ya mabuu yake hugeuka pupa udongoni, hao utawapunguza, lakini nondo anaruka kutoka shamba la jirani. Ndiyo maana slaidi inayofuata ina mtego wa harufu: unanasa madume tu, kazi yake kubwa ni kukuonyesha lini nondo wanaongezeka, ukague majani kabla ya kupuliza dawa.

Kama unamwagilia kwa mfereji na jirani wa juu ana nyanya zenye mnyauko, maji yanaweza kukurudishia bakteria hata ukizungusha vizuri.